Saini ya pili ni ya nani, na anaiweka saa ngapi

Haya niliyasema mbele ya wasimamizi wa kazi, mchanganyiko wa watu wa karakana, manesi, watu wa maghala na vijana wa kompyuta, wote walikuwa wanataka kuweka kwenye sistimu zao ile sheria ya kwamba kazi fulani haiwezi kuandikwa imekamilika mpaka mtu wa pili asaini. Nimeandika karibu kama nilivyoongea, nimetoa tu zile sehemu za kukohoa na kutafuta miwani.

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Mimi ni fundi wa ndege, baadaye nikawa mkaguzi wa ndege, kwa hiyo maisha yangu mengi nimekuwa yule mtu wa pili. Nitaongelea ndege tu kwa sababu ndiyo ninayoijua, nyie mtahamishia kwenu, mtu wa dawa atajua dawa zake na wa kompyuta atajua yake.

Naanza na skrubu 47. Mwaka 1991, mwezi wa 9 tarehe 11, ndege ndogo ya abiria ya Continental Express, safari namba 2574, ilikuwa inashuka kwenda Houston huko Texas, ikakatika ikiwa angani, watu 14 wakafa wote. Wachunguzi walipofika kwenye mkia wakakuta ile sehemu ya mbele ya bawa dogo la mkiani, upande wa kushoto, mstari wa juu wa skrubu haupo. Sio kwamba zilikatika, hapana, hazikuwepo kabisa, 47. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege ilikuwa hanga, shifti ya jioni ikazifungua skrubu za juu pande zote mbili ili wabadilishe ule mpira wa kuvunja barafu, shifti ya usiku ikaingia ikamaliza upande wa kulia, ule wa kushoto hakuna aliyejua kama umeguswa, ndege ikatoka asubuhi inaonekana nzima. Mkia wa ndege ile uko juu sana, ukisimama chini huoni kitu.

Sasa mtu akisikia hii anasema aah, tatizo ni kukabidhiana shifti. Ndiyo, ni kweli, ila kuna kitu kingine ndani yake ambacho mimi kimenikaa kichwani miaka yote, nacho ni hiki, mmoja wa watu waliopanda juu ya ule mkia jioni ile na kufungua skrubu alikuwa inspekta. Mkaguzi! Aliona wenzake wamezidiwa na kazi, akachukua bisibisi akawasaidia. Roho nzuri tu. Lakini dakika ile aliyoshika bisibisi, kile kituo hakikuwa tena na mtu wa pili kwa kazi ile, walikuwa wote ni watu wa kwanza, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu kwenye ratiba bado jina lake lilikuwa limeandikwa mkaguzi.

Kwa hiyo nikiulizwa sheria ya kwanza ya saini ya pili ni ipi nasema ni hii, aliyegusa kazi hasaini mara ya pili. Na sio kwamba nimeitunga mimi, kanuni za anga za Marekani zinasema hivyo waziwazi, ukienda kifungu cha 121.371 utakuta mtu aliyefanya kazi haruhusiwi kufanya ule ukaguzi wake wa lazima. Na Ulaya nao wanataka mtu huru, yaani ambaye hakushiriki kwenye kazi yenyewe. Watu wakisikia "mtu huru" wanafikiria cheo, wanafikiria lazima awe bosi. Sio cheo. Ni mikono yake ilikuwa wapi wakati kazi inafanyika, na kichwa chake pia, maana kusaidia sio bisibisi tu.

Hapo kwenye kichwa ndipo panaponipeleka kwenye ajali ya pili. Januari 2003, Charlotte, Carolina Kaskazini, ndege ya Air Midwest safari 5481, aina ya Beech 1900D, imeruka tu ikanyanyua pua, ikazidi kunyanyua, rubani anasukuma usukani mbele pua haishuki, wakafa watu 21. Siku mbili kabla, usiku, ndege hiyo ilirekebishwa kebo za elevata. Kwa wasiojua, elevata ni ule ubao wa mkiani unaopanda na kushuka ndio unaoinua na kushusha pua ya ndege, na umeunganishwa na usukani kwa kebo za chuma ndefu zinazopita chini ya sakafu. Fundi aliyefanya ile kazi ilikuwa mara yake ya kwanza kuifanya kwenye aina ile ya ndege. Hilo sio kosa, kila mtu ana mara yake ya kwanza, ndiyo maana alikuwa na mwalimu pembeni. Na mwalimu alikuwa nani? Ndiye mkaguzi wa zamu.

Fundi akasoma kitabu cha kazi, kina hatua nyingi, akamuuliza mwalimu wake hizi hatua nyingine tunazihitaji kweli, na mwalimu akakubali baadhi zirukwe. Halafu kazi ikaisha, na mwalimu akavaa kofia nyingine akawa mkaguzi, akakagua. Sasa jamani niambieni, mtu aliyeamua mwenyewe kwamba hatua fulani hazina haja, atakuja nusu saa baadaye kukagua akute kwamba hatua hizo zilikuwa na haja? Hawezi. Sio kwamba ni mtu mbaya, ni kwamba swali alishalijibu kichwani. Akiangalia ataona alichokwisha kuamua. Matokeo yake elevata ikawa inashuka karibu nusu tu ya inavyotakiwa, na ndege ikaruka safari 9 hivyo hivyo bila shida, safari ya 10 mzigo ukawa mzito na umelalia nyuma, ndiyo ikahitajika ile nusu ambayo haipo.

Hizo safari 9 mzikumbuke, nitazirudia.

Basi, tuangalie huyo mtu wa pili anafanya nini hasa, maana naona wengi mnafikiria kazi yake ni kuuliza "umemaliza?" na kujibiwa "nimemaliza". Chukueni kazi hiyohiyo ya kebo za elevata, nitawapitisha nayo kama ninavyoifanya mimi.

Fundi wa kwanza anamaliza, anasaini mstari wake. Hafungi vifuniko. Hii ni muhimu kuliko saini yenyewe, kifuniko kinabaki wazi, taa iko pale, ngazi iko pale, kadi ya kazi iko wazi. Mimi nikifika siulizi kitu kwanza, nachukua kitabu mwenyewe, naenda ukurasa wa kazi ile na namba ya ndege ile, sitaki ukurasa aliouprinti yeye, kwa sababu kama yeye alichukua ukurasa wa ndege nyingine ya aina hiyohiyo lakini ya toleo tofauti, nikitumia karatasi yake tutakosea wote wawili kwa pamoja na kwa saini safi kabisa.

Halafu nafuata kebo kwa macho na kwa mkono, kutoka mwisho hadi mwisho pale panapofikika, naangalia haijakaa nje ya puli, haijapishana na mwenzake. Nafika kwenye kile kikazio, kichuma cha katikati unachokizungusha kebo inakaza au inalegea, naangalia nyuzi za skrubu zilizobaki nje, kwa kawaida zisizidi 3, zikizidi maana yake haijaingia ndani ya kutosha na siku moja itachomoka. Naangalia waya wa kufungia au ile pini yake, na hapa siangalii tu, naivuta kwa kidole. Macho yanadanganyika sana, hasa saa tisa usiku, kidole hakidanganyiki. Napima mkazo wa kebo kwa kipimo, na sisomi namba aliyoandika yeye mpaka nipate ya kwangu. Hii watu huwa wanaona kama nawaringia, lakini ukishaona namba ya mwenzio kwanza, sindano ikisimama karibu nayo utasema "ndiyo hiyohiyo", na ukikuta inatofautiana utadhani kipimo chako ndicho kibovu.

Mwisho natuma mtu chumba cha rubani avute usukani, mimi nikiwa nje nauangalia ubao wenyewe. Avute nyuma, ubao upande. Asukume mbele, ubao ushuke. Usicheke, kuna ndege zimewahi kutoka hanga kebo zimeunganishwa kinyume, unasukuma kushoto inaenda kulia. Kwa hiyo naangalia upande, halafu naangalia umbali, unafika mwisho kabisa kwa digrii zilizoandikwa kwenye kitabu au unaishia njiani? Ile ya Charlotte hapa ndipo ingekamatwa, na baada ya ajali wachunguzi walipendekeza jaribio kamili la namna hii liwe lazima mwisho wa kazi za mifumo mikubwa ya kuongozea ndege. Baada ya yote hayo ndiyo nachukua kalamu, na vifuniko vinafungwa.

Kazi hiyo inanichukua muda. Inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa zaidi, inategemea kebo imepita wapi. Huo muda ndio bei ya saini ya pili na mtu anayeuza hii sheria bila kutaja bei anawadanganya. Kama hamko tayari kumpa mtu wa pili muda wake kwenye ratiba, msiweke mstari wake kwenye fomu, bora ubaki na saini moja ambayo mwenyewe anajua hakuna mtu nyuma yake. Nasema hivyo kwa sababu saini ya pili ya bure inamharibu na yule wa kwanza. Fundi akijua kuna mtu atakuja kukagua anapunguza umakini kidogo tu, na mkaguzi akijua fundi huyu ni mzuri anapunguza kidogo tu, na vile vidogo viwili vikikutana mnapata kazi iliyoangaliwa mara mbili na haikuonwa hata mara moja.

Nami sio malaika. Kuna kazi moja, zamani, kituo sitakitaja, mwenzangu mmoja ambaye ni fundi hodari kuliko mimi aliniita alfajiri, ndege inatoka muda si mrefu, akaniambia kaka nimeshafunga kifuniko maana watu wa mafuta wanasubiri, kila kitu kiko sawa, we saini tu. Nikasaini. Nikaenda kunywa chai, ile chai haikushuka. Nikarudi, nikamwambia fungua. Alinichukia siku ile, akafungua skrubu zote za kifuniko ananung'unika, nikaingiza tochi na kioo, nikaangalia kila kitu.

Kilikuwa sawa. Kila kitu sawasawa, waya umefungwa vizuri kuliko ningefunga mimi.

Mnajua kilichotokea baada ya hapo? Mara iliyofuata aliponiita hivyo nilishawishika zaidi. Kwani si niliona yuko sawa? Hiyo ndiyo shida ya saini ya uongo, haikuadhibu. Ukipiga nyundo kidole chako unajua hapohapo umekosea. Ukisaini bila kuangalia, kwa kuwa fundi wako ni mzuri, mara nyingi sana hakuna kitu kinachotokea, na kila mara isipotokea kitu unajifunza vibaya. Ndiyo zile safari 9. Ndege iliruka mara 9 ikiwa na elevata mbovu, kama ungeuliza siku ile ungeambiwa mbona inaruka. Kwa hiyo msitegemee matokeo yawaambie kama ukaguzi wenu unafanya kazi, matokeo yatawajibu siku imeshachelewa, tafuteni alama nyingine, nitazitaja.

Kwanza hili la kazi zipi. Vijana wa kompyuta naona ndio wanapenda kuweka saini ya pili kila mahali, maana kwenye sistimu ni kubofya tu. Msifanye hivyo. Kwenye ndege sio kila kazi ina mkaguzi wa pili, kubadilisha taa ya kusomea ya abiria hakuna anayekuja kuikagua. Kuna orodha. Na kuingia kwenye orodha kuna maswali, mimi huwa najiuliza mawili, ikikosewa je kosa litaonekana lenyewe kabla halijaumiza mtu? Na likishatokea, kuna kurudi nyuma? Taa ikikosewa haiwaki, abiria analalamika, imeisha. Kebo ya elevata ikikosewa inakaa kimya chini ya sakafu.

Mfano mzuri wa orodha iliyokosewa ni kile kioo cha British Airways, safari 5390, tarehe 10 Juni 1990. Ndege imetoka Birmingham inakwenda Malaga, iko futi 17,000 na kitu, kioo cha mbele upande wa kapteni kikaruka nje, na kapteni akavutwa na upepo akatoka nusu mwili, kiuno kwenda juu yuko nje ya ndege, wahudumu wakamshika miguu mpaka rubani msaidizi akatua Southampton. Alipona, na watu wote walipona, mpaka leo nashangaa. Kioo kilikuwa kimebadilishwa kama saa 27 kabla, usiku. Kina bolti 90. Kati ya hizo 84 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, tofauti ya chini ya milimita moja, na zile 6 nyingine unene wake sawa lakini fupi.

Nani alikifunga? Meneja wa shifti mwenyewe. Watu walikuwa wachache usiku ule akasema ngoja nifanye mimi. Bolti akazichukua kwa kulinganisha kwa macho, alfajiri, mwanga hafifu. Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa pale, hakukuwa na mtu wa juu yake wa kuangalia, na kwa kuwa kioo hakikuwa kwenye orodha ya sehemu zinazohitaji ukaguzi wa pili, hakukuwa na mtu wa pembeni pia. Yaani akasaini, ikaisha. Kioo kile kinafungwa kwa kutokea nje, hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu inakisukuma kitoke, kwa hiyo zinazokishika ni bolti tu. Ukipitisha kwenye maswali yangu mawili, kosa lingeonekana lenyewe? Hapana, bolti nyembamba inaingia na inakaza kidogo, unaisikia inateleza ukiwa makini. Kuna kurudi nyuma? Muulize kapteni.

Kwa hiyo meneja wa shifti ni wa kuogopa kuliko fundi mgeni, na hili nalisema nikiwa najua baadhi yenu ni mameneja. Mgeni anaangaliwa. Mkubwa akishika spana sheria zote zinalegea, hata pale ambapo saini ya pili inahitajika anaichukua kwa kijana wa chini yake, na kijana atakataa vipi? Ndiyo maana zile kanuni za Marekani nilizotaja zinamtaka mkaguzi awe chini ya kitengo cha ukaguzi, sio chini ya yule anayesukuma ndege itoke, na uamuzi wake usifutwe na mtu yeyote nje ya wakubwa wa kitengo hicho, labda yule mkubwa mmoja anayebeba pande zote mbili. Maana yake kwa lugha yetu, mkaguzi akisema hapana, bosi wa ratiba hawezi kumfuata kwenye korido akamgeuza. Kama kwenu mtu wa pili anaandikiwa likizo na tathmini ya mwaka na huyohuyo ambaye kazi yake anaikagua, hiyo sio saini ya pili, ni saini ya kwanza imeandikwa na kalamu nyingine.

Kitu kingine ambacho sistimu nyingi za kompyuta zinakosea, na hiki nimekiona kwa macho, ni kwamba mtu wa pili akishakubali, kibali kinakaa milele. Kwenye ndege tukishakagua kebo, halafu saa moja baadaye mtu akalegeza kitu pale ili apitishe waya wa umeme, ule ukaguzi umekufa. Hata kama alirudisha vilevile. Unarudiwa, wote wawili, na saini mpya. Waandishi wa programu wanaotumia GitHub wana mpangilio wa hivyo kabisa, unawekwa ili mtu akiongeza mabadiliko baada ya kukubaliwa, kukubaliwa kunafutika, ila lazima uuwashe mwenyewe, na nimekutana na timu ambazo hazijawahi kuuwasha, mtu anapata kibali kwa mstari mmoja halafu anaingiza mistari mia nyuma yake. Kwa hiyo kwenye fomu yenu, yoyote ile, hali ziwe tatu, inafanyika, inasubiri mtu wa pili, imekamilika, na kugusa chochote kunairudisha kwenye ya kwanza. Na sistimu iangalie kwamba aliyebofya mara ya pili sio aliyebofya mara ya kwanza, na sio yeyote aliyejiandika kwenye kazi hiyo kwamba alisaidia. Hiyo ingemkamata yule inspekta wa bisibisi, mradi tu alijiandika.

Na "inasubiri" iwe ni hali halali, isionekane kama uvivu. Mkiipaka rangi nyekundu na kumpigia mtu simu kila saa, watu watatafuta yeyote anayepita asaini ili nyekundu iondoke.

Sasa alama nilizoahidi, mimi naangalia mbili tu. Ya kwanza ni muda. Chukua fomu za mwezi mzima, angalia saini ya kwanza saa ngapi na ya pili saa ngapi. Kazi ambayo kuikagua vizuri ni dakika 30, ukikuta saini mbili zimepishana dakika 2, hakuna mtu aliyeangalia. Ukikuta saini za pili 6 zote zimewekwa saa kumi na moja na nusu, dakika ileile, kabla shifti haijatoka, mtu alikaa chini na kalamu akazimaliza kwa mpigo. Sistimu ya kompyuta inawapa hii bure, na huwa nashangaa jinsi wachache wanavyoitazama.

Ya pili ni kukataliwa. Hesabu mtu wa pili amerudisha kazi mara ngapi. Kama ni sifuri kwa miezi 6 sio kwamba mafundi wako hawakosei, mafundi wote tunakosea, pini inasahaulika, namba inaandikwa kinyume, ni vitu vya kila wiki. Sifuri maana yake hawaangalii, au wanaangalia na wanarekebishana kimyakimya bila kuandika, mkaguzi anaona pini haipo anaiweka mwenyewe anasaini. Hii ya mwisho watu wanaiona ni ushirikiano, mimi naiona mbaya, kwanza ameshagusa kazi kwa hiyo sio mtu wa pili tena, pili ile habari ya kwamba pini inasahaulika kwenye hatua hiyo imepotea, kesho itasahauliwa tena na mtu mwingine.

Dada mmoja aliuliza swali zuri mwishoni, nesi, akasema usiku yuko peke yake na mgonjwa anahitaji dawa ambayo inataka saini mbili, afanyeje. Nikamwambia dawa sitamjibu, hiyo ana wakubwa wake. Kwetu kwenye ndege ikitokea hivyo, na Ulaya inaruhusu kwa dharura ambayo haikutarajiwa, kwamba hakuna mtu mwingine kabisa, basi aliyefanya kazi anaweza kukagua upya yeye mwenyewe, lakini hasaini kama mtu wa pili. Anaandika kwamba ni ukaguzi wa kurudia, na kwamba amefanya mtu yuleyule kwa sababu hii na hii, ili asubuhi mtu akisoma ajue ndege hii imeonwa na mtu mmoja tu. Mimi mara mbili nilipofanya hivyo nilikwenda nje kwanza, nikaosha mikono, nikarudi nikaanza upande wa mwisho wa kitabu kurudi mwanzo, maana ukifuata njia uliyopita mara ya kwanza unaona ulichokiona mara ya kwanza. Akauliza, na kama sio dharura ila watu tu ndio wachache kila usiku? Nikamwambia basi kazi hiyo isipangwe usiku, na kama imeshapangwa, ndege ilale hapo kifuniko kikiwa wazi mpaka mtu aje.